Mjomba anataka namba: nimpimeje msafishaji na dada wa mapokezi?

Salaam aleikum Mama,

Nasimamia nyumba ya wageni ya mjomba wangu hapa Shela, Lamu. Ina vyumba vinane. Mjomba mwenyewe anakaa Mombasa, na mwezi uliopita alitoka kwenye semina ya wafanyabiashara na neno moja tu mdomoni: kila mfanyakazi awe na lengo linalohesabika, la sivyo nyongeza ya mshahara mwakani hakuna. Nahodha wa boti hakunisumbua, safari zake zinahesabika. Mpishi naye ana sahani zake na hesabu ya sokoni. Nimekwama kwa watatu: dada wa mapokezi na wasafishaji wawili, mmoja mama mtu mzima aliyekuwapo tangu nyumba ifunguliwe, mwingine kijana.

Nilianza kwa kuhesabu vyumba ambavyo kila msafishaji anamaliza kwa siku. Wiki ya pili kijana akawa amemaliza vinne kabla ya saa tano asubuhi, na mgeni wa chumba namba 3 akakuta soksi ya mgeni aliyetangulia chini ya kitanda. Yule mama alinijia kwa upole akaniambia, "Mwanangu, ukitaka mbio tafuta punda." Kwa dada wa mapokezi nilihesabu simu anazopokea. Nyumba ikijaa simu chache, nyumba ikiwa tupu simu chache vilevile. Sikujua nilichokuwa nikipima.

Mjomba anataka karatasi mwisho wa mwezi huu wa Agosti. Niandike nini?

Mpwa wa mwenye nyumba, Shela

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Huyo mama wa punda mshike vizuri, maana utamhitaji kabla hatujafika mbali. Na usijilaumu sana kwa ile soksi. Mimi nilisimamia usafi kwenye hoteli moja Malindi kwa miaka, na mwaka wangu wa kwanza nilitundika ubao ukutani: jina, idadi ya vyumba, na mwisho wa mwezi kanga mbili kwa aliyetangulia. Binti mmoja alizichukua miezi mitatu mfululizo. Mwezi wa nne ndipo nikagundua kwamba mgeni akikaa usiku mmoja tu, shiti yake ilikuwa inageuzwa, haibadilishwi. Nilikasirika, lakini nilipotulia nikaona kwamba yule binti alifanya nilichomlipa afanye. Mimi ndiye niliyenunua vyumba vingi, na vyumba vingi nikauziwa.

Kosa letu, wewe na mimi, ni kuhesabu kitu ambacho msafishaji hana mamlaka nacho. Idadi ya vyumba huamuliwa na wageni walioondoka asubuhi ile. Simu zinazolia huamuliwa na watu walio Nairobi na Milano. Kilicho mikononi mwa msafishaji ni hali ya chumba anapofunga mlango na kuondoka. Basi hesabu hali ya chumba, na uihesabu kwa kukagua vichache vilivyochaguliwa bila upendeleo, si vyote.

Keti na wasafishaji wako wawili, wewe ukiwa na kalamu, uwaulize: chumba kikiwa tayari kwa mgeni, kina nini na hakina nini? Waache waseme wao. Utashangaa. Wewe ungeandika "sakafu safi", lakini yule mama atakwambia kwamba Agosti kusi inavuma na mchanga wa Shela unarudi chumbani saa moja baada ya kufagia, kwa hiyo sakafu ikaguliwe upesi au isikaguliwe kabisa. Atakwambia habari ya harufu ya mtaro wa bafuni chumba kikifungwa siku mbili, jambo ambalo wewe wa ofisini hulijui. Toeni vipengele kumi tu. Kila kipengele kiwe cha kujibiwa ndiyo au siyo, na kiandikwe jinsi ya kukiangalia. Usiandike "bafu safi". Andika "hakuna unywele kwenye sinki wala sakafu ya shawa". Usiandike "chini ya kitanda pamefagiliwa". Andika "ukiinama na kupitisha kiganja chini ya kitanda hadi kiwiko, hakirudi na mchanga wala kitu cha mgeni". Chandarua kimefungwa fundo na hakina tundu linalopitisha kidole. Taulo mbili kavu kwa kila mgeni. Shiti na foronya zimebadilishwa, na hapo unaweza kutia alama ndogo ya penseli kwenye pindo la shiti kabla mgeni hajaondoka, uone kama bado ipo. Hilo la alama waambie waziwazi tangu mwanzo kwamba utalifanya. Ukifanya kwa siri, siku watakapojua watajiona wanawindwa, na hakuna kipimo kitakachokuwa na maana tena. Katika hospitali kubwa hutumia rangi isiyoonekana kwa macho, inayong'aa ikimulikwa kwa taa maalumu, ili kujua kama sehemu imeguswa na kitambaa. Penseli yako ni ndugu mdogo wa rangi hiyo.

Kipengele kimoja kiwe hiki, na ukiandike kwa makini: "taa, feni na bomba vinafanya kazi, au kasoro imeandikwa kwenye daftari la fundi". Hayo maneno manne ya mwisho nitayarudia hivi punde.

Kisha ukaguzi. Mara tatu kwa wiki, kati ya saa sita na saa nane mchana, vyumba vikiwa vimeshaandaliwa na wageni wapya hawajaingia, chukua namba za vyumba vilivyoandaliwa siku hiyo kwenye vikaratasi, kunja, tia kikombeni, chomoa viwili. Usichague wewe. Ukichagua utakwenda kwenye chumba unachokitilia shaka, au kwa mtu uliyegombana naye asubuhi. Vyumba viwili mara tatu ni vyumba sita kwa wiki, kila kimoja vipengele kumi, alama sitini. Kwa wiki nne ni alama 240. Ukaguzi wa chumba kimoja hauzidi dakika kumi.

Wiki ya kwanza usikague peke yako. Mchukue mpishi au yeyote mwenye macho, akague chumba kilekile na karatasi yake mwenyewe bila kuona yako, kisha mlinganishe. Mkitofautiana kipengele kimoja katika kumi, sawa. Mkitofautiana vitatu, ujue maneno ya orodha yenu bado ni mapana, kila mtu anayasoma kwa kichwa chake. Rudini mkayanoe. Watu wengi huruka hatua hii kwa sababu ni ya kuchosha, halafu mwezi wa tatu msafishaji anasema "ukikagua wewe napata saba, akikagua mwenzio napata tisa", na hapo umekwisha.

Na wiki nne za kwanza usiweke lengo lolote. Unatafuta tu kujua mlipo. Mjomba atanung'unika. Mwache.

Tuseme baada ya wiki nne mmepata alama 192 kati ya 240. Hiyo ni asilimia 80. Msimamizi mwenye haraka ataandika hapo hapo "lengo asilimia 90" na kumtumia mjomba. Wewe kaa kwanza na zile alama 48 zilizopotea, uzipange kwa kipengele. Tuseme unakuta 19 ni balbu zilizoungua, feni inayokwaruza na bomba linalovuja. Msafishaji habadilishi bomba. Alichoweza kufanya ni kuandika, na hakuandika kwa sababu hamkuwa na daftari wala fundi wa kulisoma. Ukinunua daftari la shilingi mia na kumpata fundi wa kuja kila Alhamisi, zile 19 zinarudi zote: 192 inakuwa 211, karibu asilimia 88, bila mtu yeyote kuongeza hata mfagio mmoja. Umeona? Lengo la asilimia 90 lililoonekana kali, sehemu yake kubwa ilikuwa kazi yako wewe, si yao.

Zinabaki 29. Tuseme 14 kati yake ni chini ya kitanda, na ukiangalia tarehe, karibu zote ni siku ambazo vyumba vitano au zaidi viliondokewa kwa pamoja na wageni wapya walikuwa wanakuja na ndege ya mchana. Hapo hakuna uvivu. Vitanda vyenu vya Lamu ni vizito, mtu mmoja hawezi kukisogeza, na siku hiyo kila mmoja yuko chumbani peke yake. Siku za namna hiyo wafanye kazi wawiliwawili, chumba kimoja baada ya kingine. Sasa ndipo uweke lengo, na uliweke juu kidogo kuliko ulivyodhani: alama 228 kati ya 240, yaani asilimia 95, ifikapo mwisho wa Desemba. Ina maana mnaruhusiwa kukosa mara 12 kwa mwezi badala ya 29. Ni lengo linalotaka bidii ya kweli, na kila mtu anajua litafikiwa kwa njia gani.

Lengo hilo ni la wote wawili kwa pamoja. Najua mjomba atataka kila mtu na namba yake. Lakini hesabu mwenyewe: vyumba 24 kwa mwezi, kila mmoja wao anakuwa na takriban 12. Chumba kimoja kibaya, siku moja ya homa, kinamshusha mtu vibaya, na kura ya kikombe ikimwangukia mmoja siku za vyumba vitano na mwenziwe siku za vyumba viwili, unamlinganisha kuku na bata. Kwa sababu hiyohiyo usitangaze matokeo ya wiki. Wiki ni vyumba sita tu. Itapanda na kushuka kama maji ya mlangoni. Tazama mwezi mzima. Kama unamshuku mmoja wao, mfuate kwa mazungumzo na ukague vyumba vyake zaidi kwa wiki kadhaa, naye akijua.

Sasa dada wa mapokezi. Hapa watu hukimbilia "tabasamu" na "ukarimu", kisha wanampa alama kwa moyo walioamka nao. Mimi huuliza: meza ile ikiwa tupu wiki nzima, nini kitaharibika? Anayeuliza nafasi hatajibiwa, na anayefika hatakuta alichoahidiwa. Viwili hivyo vinatosha.

Kwa cha kwanza, WhatsApp ya nyumba ina saa kwenye kila ujumbe, huna haja ya kumwekea mtu daftari la simu. Mwisho wa mwezi chomoa maulizo 20 ya wageni wapya yaliyoingia kati ya saa moja asubuhi na saa tatu usiku, uhesabu mangapi yalijibiwa ndani ya dakika 60. Jibu liwe jibu, lenye bei na tarehe. "Karibu sana" peke yake lisihesabiwe. Tuseme ni 11 kati ya 20. Tena usiandike lengo kabla ya kuyatazama yale 9. Kama saba kati yake yaliingia kati ya saa sita na saa nane, nadhani unajua alikokuwa: jetini, anapokea wageni wa ndege ya Manda, kwa sababu hakuna mwingine wa kwenda. Ama simu iende naye na apewe ruhusa ya kujibu akiwa njiani, ama kijana wa nahodha apokee mizigo na yeye abaki mezani. Ukishapanga hilo, lengo la 17 kati ya 20 ni la haki. Usipopanga, unampima kwa kitu ulichomnyima.

Kwa cha pili, kila aliyeweka nafasi ana mambo matano ambayo lazima yawe sawa jioni kabla hajafika: tarehe, chumba, idadi ya watu, anakuja kwa ndege Manda au kwa boti kutoka Mokowe, na malipo ya awali yameandikwa. Hapa usichomoe kura, kagua wote, maana nyumba ya vyumba vinane wageni wake si wengi wa kukushinda. Hesabu wangapi walifika na yote matano yalikuwa sahihi. Lengo liwe 19 katika kila 20.

Lakini weka sheria moja, na uiandike kwenye karatasi hiyohiyo: kosa alilogundua mwenyewe na kulirekebisha kabla mgeni hajafika halihesabiwi kosa. Bila sheria hiyo, siku atakapoona amewapa watu wawili chumba kimoja, atanyamaza akiomba mmoja wao asije. Kwa sheria hiyo atakuja kwako mbio, na bado mna usiku mzima wa kutafuta chumba kwa jirani. Nimewaona watu waaminifu kabisa wakigeuka wafichaji kwa sababu ya safu moja iliyowekwa vibaya kwenye jedwali.

Maoni ya wageni mtandaoni yasome, yanafundisha, ila usiyafanye lengo la mtu. Nyumba ya vyumba vinane hupata maoni machache kwa mwezi, na mgeni mmoja aliyekosa usingizi kwa mlio wa punda wa jirani anatosha kumshusha dada wa watu aliyemhudumia vizuri mno. Punda wa Lamu hana mkataba na nyinyi.

Kuna kazi zao ambazo hazitaingia kwenye namba hata ukeshe. Siku dada wa mapokezi alipomtuliza mgeni aliyepoteza pasipoti, au yule mama alipomfundisha kijana kukunja chandarua, hakuna kipengele cha kuiweka. Usijaribu kuibuni. Mwisho wa mwezi keti na kila mmoja robo saa, mwulize nini kilimzuia na nini alikifanya ambacho hukukiona, uandike mistari miwili mitatu kwa maneno ya kawaida. Mjomba asome namba na mistari pamoja.

Neno kuhusu mshahara, maana nimesikia harufu yake kwenye barua yako. Nyongeza ikitegemea lengo, hiyo ni hiari ya mjomba, na iwe kwa timu nzima. Lakini asije akakata mshahara wa mtu kwa sababu lengo halikufikiwa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, imetaja makato yanayoruhusiwa, na kukosa lengo halimo. Na akitaka kumwachisha mtu kazi kwa utendaji duni, kifungu cha 41 kinamtaka kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na amsikilize, huyo mfanyakazi akiwa na haki ya kuja na mwenzake wa kazini. Karatasi zako za ukaguzi ndizo zitakazoangaliwa siku hiyo, kwa hiyo zitunze na tarehe zake, hata zile zinazokuumbua wewe.

Agosti imeshayoyoma, wala huna haja ya lengo ili upeleke karatasi. Mwandikie mjomba hivi: Septemba tunapima bila lengo, tukianza na vipengele kumi vilivyokubaliwa na wasafishaji na mambo mawili ya mapokezi, mwanzo wa Oktoba utapata tulipo na tunapokwenda, Januari utapata tulipofika. Mwombe na pesa ya fundi wa Alhamisi katika barua hiyohiyo, akiwa bado na moto wa semina. Na umwambie mapema kwamba masika yakifika, mkifunga Mei kama wengi wa huko mnavyofanya, ukaguzi wa vyumba unasimama. Miezi hiyo wasafishaji wawe na kazi za namna nyingine, kufua mapazia yote, kuanika magodoro, kushona vyandarua. Hizo ama zimekwisha ama hazijaisha, na hazihitaji kikombe wala kura.